Wadau wa ujenzi Dodoma: slebu ya mita 10 kwa 8 yenye bimu za kushuka, marini bodi ngapi na zege kyubiki ngapi? Mafundi wawili wamenipa hesabu mbili

BabaNeema_Nzuguni
Habari za jioni wadau, poleni na majukumu. Nipo Nzuguni najenga ghorofa moja, nguzo 9 zimeshapanda hadi usawa wa chini ya bimu na sasa najiandaa kununua vitu vya slebu. Ramani ipo hivi, nje kwa nje mita 10 kwa mita 8, slebu unene 150 yaani nchi sita, bimu zimeandikwa 230x450, zinazunguka pande zote nne halafu kuna moja ya kati inakwenda urefu na moja ya kati inakwenda upana, kwahiyo vyumba vinne vya slebu. Tundu la ngazi ni mita 3 kwa 1.25 na limegusa bimu ya kati.
Sasa fundi wa kwanza kanambia marini bodi 27 zinatosha na zege kyubiki 17.6. Fundi wa pili kasema bodi 45 na zege "kama 15 hivi". Tofauti ya bodi 18 ni hela ndefu sana kwangu, na zege sitaki liishe katikati wala sitaki simenti ibaki igande stoo. Naomba mwenye uelewa anisaidie nijue nani yuko sawa na kwanini.

Chilonwa_Boy
Mkuu plaiwudi za milimita 4 zipo bei nzuri pale karibu na Majengo, zinapigwa tu chini ya mbao ukimaliza unapaka rangi nyeupe inatoka safi. Mimi nimeweka sebuleni mpaka leo.

BabaNeema_Nzuguni
Asante ila mkuu hiyo ni ya dari. Mimi naongelea bodi za kufungia shata, za kumwagia zege juu yake.

FundiShata_Changombe
Mimi nafunga shata miaka na miaka hapa Dodoma. Bodi moja ni futi 8 kwa 4, yaani 2.44 kwa 1.22, ukizidisha unapata karibu skwea mita 3. Slebu yako ni skwea mita 80, gawa kwa 3 unapata 27, ndo hiyo hesabu ya fundi wa kwanza. Ila kasahau bimu. Mimi huwa naongeza asilimia 30 ya bimu basi, 27 inakuwa 35, kanunue 35 kazi ianze. Zege yuko sawa, 10 kwa 8 kwa 0.15 ni 12, bimu zote jumla mita 54 kwa 0.23 kwa 0.45 ni 5.6, jumla 17.6. Bimu lazima uhesabu 450 yote kwasababu 450 ndo kile kinachoshuka chini ya slebu.

Dada_Mpimaji
BabaNeema habari za hapo. Kazi yangu ndo hii ya kupima makadirio kwahiyo ngoja niifungue taratibu, maana fundi Shata hapo juu kapatia kitu kimoja kikubwa (kwamba 27 wamesahau bimu) ila kwenye zege na kwenye ile asilimia 30 siendi naye.

Kwanza hiyo 450. Kabla hujazidisha chochote nenda kwenye seksheni ya bimu kwenye michoro ya injinia, angalia mshale wa 450 unaanzia wapi. Kwa kawaida unaanzia JUU ya slebu unaishia chini ya bimu, maana slebu na bimu vinamwagwa pamoja na zile milimita 150 za juu ni mali ya wote wawili. Ukiwa hauoni vizuri angalia ringi. Kwenye jedwali la nondo au kwenye mchoro wataandika vipimo vya ringi, kama ni 180 kwa 400 basi bimu nzima ni 230 kwa 450, kwasababu wametoa kava milimita 25 kila upande. Kama 450 ingekuwa inashuka chini ya slebu, bimu ingekuwa na kimo cha 600 na ringi ingekuwa 550. Ringi haidanganyi. Niletee hiyo namba halafu tuendelee.

Mzee_wa_Kondoa
Kweli kabisa binti. Na ringi zikishakatwa vibaya hapo ndo utaona watu wanaanza kuzikunja upya kwa nyundo.

BabaNeema_Nzuguni
Nimerudi saiti nimeangalia, mfunga nondo ameshakata ringi na kwenye karatasi yake imeandikwa 180x400. Seksheni nayo mshale unaanzia juu kabisa ya slebu.

Dada_Mpimaji
Safi. Basi sehemu ya bimu inayoshuka chini ya slebu ni 450 toa 150, yaani 300. Hiyo ndo ya kuongeza, siyo 450.

Zege sasa. Slebu nzima 10 kwa 8 ni skwea mita 80, toa tundu la ngazi 3.75, inabaki 76.25, zidisha 0.15 unapata kyubiki 11.44. Hiyo tayari imekula juu ya bimu zote. Bimu, mistari mitatu ya mita 10 ihesabu mizima, ni 30. Mistari mitatu ya mita 8 usiihesabu mizima, maana kila mmoja unakatiza mistari mitatu ya kwanza na pale kwenye makutano zege ni lile lile, kwahiyo toa 0.23 mara tatu, inabaki 7.31, mara tatu ni 21.93. Jumla mita 51.93. Zidisha 0.23 kwa 0.30, unapata 3.58.

11.44 na 3.58 ni kyubiki 15.02.

Fundi wa kwanza kapata 17.6 kwa sababu tatu: hajatoa tundu la ngazi (zaidi ya nusu kyubiki), kahesabu makutano mara mbili (robo hivi kasoro), na kubwa kuliko zote kahesabu zile 150 za juu ya bimu mara mbili, hapo peke yake ni karibu 1.8. Jumla ni kyubiki 2 na nusu hewa. Kwa rasho ya moja, moja na nusu, tatu unatumia mifuko karibu 8 kila kyubiki, yaani mifuko 20 ya simenti ungeinunua bila kazi. Na wengi wakishapata 17.6 wanaongeza tena asilimia 10 juu yake.

FundiShata_Changombe
Dada sikatai hesabu, ila nimemwaga slebu nyingi na kila siku zege linakula zaidi ya karatasi. Ukimwambia 15 ataishiwa saa kumi jioni.

Dada_Mpimaji
Fundi hapo uko sahihi kabisa, zege saiti linakula zaidi, ila tujue linakula wapi ili tulizibe badala ya kuficha kwenye hesabu ya bimu. Slebu hii ikizidi unene milimita 10 tu, yaani badala ya 150 ikawa 160, kwenye skwea mita 76 umeongeza kyubiki 0.76, mifuko 6. Milimita 10 ni kamba iliyolegea au mirunda miwili mitatu iliyotitia katikati ya chumba. Ndo maana naweka asilimia 5, inakuwa 15.8, mifuko 126. Halafu asubuhi ya kumwaga ingia juu ya shata na kamba: vuta kamba kutoka ukingo hadi ukingo kwenye usawa wa juu wa slebu, pima kushuka hadi kwenye bodi sehemu kama tisa au kumi kila chumba. Ukiona 150, 148, 152 uko salama. Ukiona 165 katikati, kaza kabari za mirunda ya hapo kabla mikscha haijawashwa. Zege likishapanda hakuna cha kurekebisha.

MamaK_Singida
Jamani hili la kuishiwa naomba niseme. Mimi nyumba yangu Singida tulimwaga slebu kokoto zikaisha jioni, lori lililoahidiwa halikuja, tukaacha katikati ya chumba. Kesho yake wakaendelea kama hakuna kitu. Sasa hivi mvua ikinyesha kuna mstari unavuja maji sebuleni, mstari umenyooka kabisa kama umechorwa, nimeshapaka dawa ya kuzuia maji bado. Kwahiyo baba Neema bora yabaki.

KijanaWaSaiti
Pole sana mama. Ndo maana injinia anatakiwa aseme mapema kama ikitokea dharura mnasimamia wapi. Siyo popote zege lilipoishia. Wengi wanaelekeza kusimama karibu na theluthi ya kati ya spani kwa mstari wima uliozibwa kwa ubao, nondo zikipita, na kesho uso unachokorwa na kuoshwa kabla ya kuendelea. Lakini kwa mstari unaovuja tayari sijui kama dawa ya kupaka juu peke yake inatosha, mngemwita injinia auone.

MamaK_Singida
Nilimwita mmoja akasema tuvunje, mwingine akasema tuchimbe kidogo tujaze. Bado nipo njia panda.

FundiMbao_Kizota
Nirudi kwenye bodi maana hapo ndo hela ya mkuu ilipo. Hii mambo ya kugawa eneo kwa 3 ni ya kukadiria tu ukiwa kwenye daladala, ukitaka idadi ya kununua lazima ukate bodi kwenye karatasi kwanza. BabaNeema vyumba vyako vya slebu, ukitoa bimu, vinabaki ngapi kwa ngapi?

BabaNeema_Nzuguni
Nimepima kati ya bimu na bimu ni 4.655 kwa 3.655, vyote vinne sawa.

FundiMbao_Kizota
Basi una bahati mzee, sikiliza. Laza bodi urefu wake ufuate ile 4.655. Bodi mbili ni 4.88, unakata kipande cha milimita 225 unabaki sawa. Kwa upande mwingine safu tatu za 1.22 ni 3.66, chumba chako ni 3.655, unasawazisha milimita 5 umemaliza. Bodi 6 kila chumba, vyumba vinne ni 24. Chumba cha ngazi safu moja inakatika mita 3, hapo bodi moja nzima unaiokoa, inakuwa 23. Hizo ni chini ya slebu TU.
Ungezilaza kinyume, 2.44 ifuate 3.655, kila safu ingekula bodi moja na nusu, una nusu bodi za kupangilia. Kwahiyo mwelekeo uamuliwe kabla ya kupiga msumari wa kwanza na mbao za chini zilazwe kufuata hapo, maana bodi inatakiwa ikae kukatiza mbao.

Dada_Mpimaji
Hapa fundi Mbao kagusa penyewe. Niongezee bimu nikitumia njia yake hiyo hiyo ya kukata.

Jinsi ya kufunga kwanza, maana upana wa vipande unategemea nani anakaa juu ya nani. Bodi ni milimita 18. Ubao wa chini ya bimu ukate 230 kamili, halafu mbavu zipigiliwe kwa NJE yake zikiuziba ukingo. Bodi ya slebu ikae JUU ya mbavu za ndani. Ukifanya hivyo ubavu wa ndani unahitaji 300 ya zege, toa 18 ya bodi ya slebu inayoukalia, ongeza 18 ya kufunika ukingo wa ubao wa chini, unarudi 300 ile ile. Ubavu wa nje hauna slebu juu yake, unapanda hadi juu kabisa, 450 ongeza 18, yaani 468.

Mbavu za ndani za 300: kwenye upana wa 1.22 unatoa vipande vinne, 1200 na msumeno ukila milimita 3 kila mkato bado unaingia. Kila upande wa 4.655 ni vipande viwili, kila upande wa 3.655 ni kimoja kizima na nusu ya kingine. Pande ndefu ziko 8, fupi 8, jumla vipande 28, yaani bodi 7.

Mbavu za nje za 468: bodi inatoa vipande viwili tu, na kinabaki kipande cha karibu 280. Hicho hakitoshi ubavu wa ndani wa 300, watu wengi hapa wanakitupa au kinaenda kuwashia moto wa mama ntilie. Usikitupe, kinatoa ubao wa chini wa 230 safi kabisa. Mzunguko wa nje ni mita 36, vipande 15, kwahiyo bodi 8, na ndani yake umepata mbao za chini 8 bure.

Chini ya bimu: kati ya nguzo na nguzo una spani 6 za 4.655 na 6 za 3.655. Vipande 12 na 9, jumla 21. Toa 8 ulizopata, zimebaki 13, bodi moja inatoa 5, kwahiyo bodi 3.

23 + 7 + 8 + 3 = 41.

Ukingo wa tundu la ngazi sijauwekea bodi kwa makusudi. Vile vipande vya 225 vilivyokatwa kwenye slebu viko 11, kila kimoja urefu 1.22, na wewe unahitaji mita 8.5 za ukingo ukijumlisha na sehemu ile bimu ya kati inapogusa tundu (pale ubavu unapanda hadi juu kwasababu hakuna slebu ya kuukalia). Vipande 7 vinatosha.

FundiShata_Changombe
Aisee. Yaani bimu peke yake bodi 18.

Dada_Mpimaji
Ndiyo fundi, kumi na nane kati ya arobaini na moja. Ndo maana asilimia 30 yako hapa ingempungukia bodi 6 siku ya mwisho kabisa wakati nondo zinasubiri. Inaweza kukubali kwenye nyumba yenye bimu chache na vyumba vikubwa, ila bimu zikiwa karibu karibu inakataa. Ukipima kwa eneo la kweli, slebu 64.3, mbavu za ndani 19.9, za nje 16.2, chini 11.5, unapata kama skwea mita 112, gawa kwa eneo la bodi inakuja 38. Kwa hiyo eneo linasema 38, msumeno unasema 41, na fundi wa pili wa BabaNeema aliyesema 45 hakuwa mbali, nadhani hajaokoa vile vipande.

BabaNeema_Nzuguni
Dada Mungu akubariki sana, hapa nimeelewa mpaka mwenyewe naweza kumfundisha mtu. Swali, hao mafundi saiti watakata hivyo kweli? Maana nawajua, akishika msumeno anakata bodi mpya kwasababu iko karibu.

FundiMbao_Kizota
Andika ratiba ya kukata ubandike ukutani stoo. Siku ya kwanza zikatwe bodi 8 za mbavu za nje, na mbao za 230 zitoke hapo hapo zipangwe pembeni. Ukianza na slebu umeumia, kila mtu atachukua kipande cha bodi nzima kuzibia tundu. Na kila kipande kilichokatwa ukingo wake upakwe rangi ya mafuta au hata oili chafu, marini bodi inakufa kuanzia ukingoni, maji ya zege yakiingia kwenye matabaka inavimba na matumizi ya pili hupati.

Ila mimi chini ya bimu siweki bodi hata siku moja. Naweka mbao ya 2x10 ya paini za Mafinga, naipunguza iwe 230. Inabeba yenyewe, haihitaji mbao nyingine chini yake kila hatua, na mirunda inakaa moja kwa moja. Hapo bodi zako zinabaki 38.

KijanaWaSaiti
Fundi ila paini mbichi inapinda na jua hili la Dodoma. Nimeona saiti moja Iyumbu mbao za chini zilikaa juani zikisubiri nondo, zikajikunja ukingo, siku ya kumwaga uji wa simenti ukavuja wote kando. Bimu ilipofunguliwa chini yake kokoto zilikuwa uchi, nondo inaonekana.

FundiMbao_Kizota
Hiyo ni mbao mbichi na haikulowanishwa. Mbao iliyokauka ukiimwagia maji jioni yake haijikunji hivyo. Mimi sijapata hiyo shida.

Dada_Mpimaji
Zote zinafanya kazi. Mimi napenda bodi kwasababu uso wake unatoka laini na upana ni 230 kila mahali, ila siwezi kusema fundi kakosea. Angalia bei ya mbao uliyopata na kama imekauka kweli.

Mjukuu_wa_Mpwapwa
Samahani naomba kuuliza, kwanini asijenge kuta kwanza hadi chini ya bimu halafu bimu zimwagwe juu ya kuta? Kule kwetu ndo tunafanya hivyo, ubao wa chini hakuna kabisa kwenye bimu za nje na mirunda inapungua.

BabaNeema_Nzuguni
Hata mimi niliwaza hivyo, tofali zangu ni za nchi sita.

Dada_Mpimaji
Kwa tofali la nchi tisa wazo la Mjukuu linakaa vizuri, ukuta ni 230 na bimu ni 230, mbao za chini 14 za mzunguko wa nje zinaondoka na zile 8 ulizopata bure zinatosha bimu za kati, yaani bodi 3 umeokoa. Kwa tofali la nchi sita ukuta ni 150, bimu itaning'inia milimita 40 kila upande, utaanza kuziba vipande vyembamba virefu mita 36 pande mbili na uji utavuja humo. Na kwenye madirisha bado unahitaji ubao. Halafu muulize injinia wako kwanza, kama kachora fremu ya nguzo na bimu anaweza asipende bimu ikalie ukuta, wengine hawana shida nalo. Hilo siwezi kumjibia.

KijanaWaSaiti
Injinia wetu sisi alikataa kabisa, wa jirani alikubali. Kwahiyo ni kumuuliza kweli.

Mzee_wa_Kondoa
Na nondo hatutoi kwenye zege? Maana chuma nacho kina nafasi yake mle ndani.

Dada_Mpimaji
Shikamoo mzee. Hatutoi. Chuma kwenye slebu kama hii hakifiki hata asilimia 2 ya ujazo, tunakiacha kifidie kinachomwagika njiani.

Mzee_wa_Kondoa
Marahaba. Nimekuelewa.

FundiShata_Changombe
Mimi sasa niongelee mirunda kwasababu mmeiacha na ndo inaua watu. Slebu ya 150 ikiwa mbichi ni kama kilo 360 kila skwea mita, hapo hujaweka watu na matoroli. Bimu ya 230 kwa 450 ni kama kilo 250 kila mita moja ya urefu, na uzito wote umekaa kwenye kamstari kembamba. Usiweke nafasi moja kila mahali. Mimi chini ya bimu natupia mirunda kila sentimita 60, chini ya slebu mbao za kubebea bodi zikae kila 40, na mirunda isizidi 80 au 90. Kila mrunda ukae juu ya kipande cha ubao, siyo kwenye udongo mtupu. Ardhi ya Nzuguni ukishamwagilia slebu maji inalainika na mrunda unazama.

Dada_Mpimaji
Asante sana fundi, hili ni la maana na nafasi zako nazikubali kwa bodi ya 18. Na mbavu za nje zile za 468 zishikwe na mihimili ya kuegemea kutoka nje pamoja na waya wa kukaza kutoka ubavu hadi ubavu. Vaibreta ikiingia ubavu ukafunguka milimita 15 zege linaongezeka na ukuta wa nje unatoka na tumbo ambalo plasta haifichi.

BabaNeema_Nzuguni
Wakuu vipi kuvua? Nataka bodi nizitumie tena kwenye ngazi na kwenye paa la zege la baraza.

KijanaWaSaiti
Mbavu za pembeni zinaweza kutoka mapema, siku moja mbili, hazibebi uzito. Kwahiyo zile bodi 15 za mbavu unazipata haraka. Chini ya slebu na chini ya bimu usiguse mpaka injinia aseme, hapa kwetu wengi tunaacha siku 21 hadi 28 na mirunda ya bimu inatoka mwisho. Ila angalizo, kwa ule mfungo wa dada bodi ya slebu imekalia ubavu wa ndani, kwahiyo ubavu wa ndani ukiuchomoa mapema ukingo wa bodi ya slebu unabaki hewani.

FundiMbao_Kizota
Weka mbao ya kubebea karibu na ukingo, sentimita 10 hivi kutoka kwenye bimu, yenye mirunda yake. Hapo ubavu unachomoka bila kugusa slebu.

Dada_Mpimaji
Ndiyo, na hiyo mbao ihesabiwe mapema kwenye 2x4, kila upande wa kila chumba.

BabaNeema_Nzuguni
Sawa. Kwahiyo nanunua bodi 42, moja ya akiba, simenti 126 na nimeongea na mwenye duka mifuko 10 ikae kwake nikihitaji nichukue siku hiyo hiyo. Mikscha ninayokodi ni ya mfuko mmoja.

Dada_Mpimaji
Hapo kwenye mikscha fikiria tena. Mifuko 126 ni mizunguko 126, kila mzunguko dakika 4 bila kusimama ni zaidi ya saa 8, na hakuna mikscha isiyosimama. Kodi mbili, anzeni saa kumi na mbili asubuhi kabla ya jua na upepo, mwanzie kona ya mbali mkirudi nyuma kuelekea inapopandia zege. Bimu zijazwe kwanza kipande kwa kipande na slebu ifuate hapo hapo juu yake.

BabaNeema_Nzuguni
Mikscha mbili basi. Kuhusu mbao za chini ya bimu nitaenda kesho Kizota kuangalia hizo 2x10 kama zimekauka, fundi Mbao nikifika nitakutafuta inboksi.

FundiMbao_Kizota
Karibu mkuu, njoo na futi yako uzipime mwenyewe. 2x10 nyingi siku hizi hazifiki 10.